Kuzuia malipo, kukata fidia au kulipa sehemu: barua ipi umwandikie mkandarasi aliyechelewa

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi hapa Mbeya, na mara nyingine nashuka mpaka Makambako na Iringa. Kila mwaka ukifika mwezi wa tisa napokea simu za aina moja: kuta zimesimama katikati, mafundi wamepungua, mwenye nyumba anatazama anga. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, na nyumba isiyopauliwa kabla haujaanza itanyeshewa miezi yote hiyo. Kwa hiyo barua pepe ya mwezi wa tisa ina uzito kuliko ya mwezi wa tano.

Mwaka mmoja nilisimamia hosteli ndogo ya wanafunzi pale Iyunga, mali ya ndugu watatu. Kaka mkubwa anaishi Dar es Salaam na ndiye aliyekuwa akituma pesa. Tarehe 14 Septemba alinitumia rasimu ya barua pepe, akasema, "Mdogo wangu, isome halafu niitume leo hii." Nikamwomba asubiri mpaka jioni, nami nikaandika yangu. Naziweka hapa pamoja, kwa sababu anayechagua namna ya kuandika huwa anachagua pia namna ya kulipa, hata kama mwenyewe hajui.

Kwanza mkataba wenyewe, kwa kifupi. Bei ilikuwa Sh 120,000,000. Malipo ya awali yalikuwa 18,000,000, kisha kulikuwa na hatua tano za kazi, kila moja na tarehe yake na pesa yake. Hatua ya 1, msingi na jamvi, Sh 24,000,000, ilikamilika kwa wakati na ikalipwa. Hatua ya 2, kuta na lenta, nayo Sh 24,000,000, ilitakiwa iishe 31 Agosti. Hatua ya 3, kupaua, ilitakiwa iishe 10 Oktoba. Makabidhiano yalikuwa 20 Januari. Kila malipo ya hatua yanakatwa asilimia 5 kama dhamana ya kasoro. Wengi huita makato haya "zuio", lakini ukiandika "zuio" peke yake mhasibu atadhani unazungumzia kodi ya zuio ya TRA, basi andika "zuio la dhamana". Mwisho, fidia ya kuchelewa ilikuwa Sh 120,000 kwa siku, isizidi asilimia 10 ya bei ya mkataba.

Hii ndiyo barua ya kaka:

"Mkandarasi, tumechoka na uzembe wako. Tangu mwezi wa saba unatupiga kalenda tu. Kuanzia leo tunakukata 120,000 kila siku, na hela ya hatua ya pili usahau mpaka umalize. Halafu plasta ya msingi nayo imeshaanza kupasuka. Ukishindwa sema, mafundi Mbeya wapo wengi."

Ukiisoma ukiwa na hasira inaridhisha. Mimi niliisoma huku mkataba ukiwa wazi mezani, nikaona matatizo ambayo mkandarasi mwenye wakili angeyapenda sana.

Kubwa kuliko yote ni ile 120,000 kwa siku. Mkataba wetu, kama mingi niliyoishika, ulifunga fidia hiyo kwenye tarehe ya kumaliza kazi yote, yaani 20 Januari. Haukuifunga kwenye tarehe za hatua za katikati. Mkandarasi anaweza kuchelewa hatua ya 2, akaongeza mafundi, akafidia muda huo na kukabidhi 20 Januari bila kudaiwa hata senti. Ukianza kumkata Septemba, wewe ndiye unayevunja mkataba, na kila hela uliyokata anaweza kukudai. Ipo mikataba inayoweka fidia kwa kila hatua, ila lazima iandikwe hivyo waziwazi. Soma kifungu chako neno kwa neno kabla ya kutaja kiasi. Na hata siku fidia inapokuwa halali, ujue kuwa kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumia fidia ya kadiri inayofaa isiyozidi kiasi kilichotajwa. Ile namba ya kwenye mkataba ni dari, na huenda usiifikie.

"Tangu mwezi wa saba" ni uongo, maana hatua ya 1 iliisha kwa wakati na sisi wenyewe tuliisaini. Barua yenye uongo mmoja inatia shaka kwenye yale mengine yote ambayo ni kweli. Suala la plasta linastahili barua yake, siku yake, na picha zake. Ukilitia hapa, mkandarasi atajibu la plasta kwa kurasa mbili na la lenta kwa mstari mmoja. Kuhusu "mafundi wapo wengi", hicho ni kitisho cha kuvunja mkataba kisicho na notisi, na mkataba wetu ulidai notisi ya siku 14 inayotaja kosa na kumpa muda wa kulirekebisha. Sitaki kusema mengi hapo.

Lile la "hela usahau mpaka umalize", kwa msingi wake, lilikuwa sahihi. Ni lugha tu iliyoliharibu. Malipo ya hatua hayadaiki mpaka hatua ikamilike na ipimwe. Kwa hiyo hunyimi mtu hela yake, unamwambia kwamba malipo hayo bado hayajaiva. Kwa sikio kauli hizi mbili ni jirani, lakini mbele ya msuluhishi ya kwanza ni tishio na ya pili ni maelezo ya mkataba.

Kabla ya kuandika yangu nilifanya mambo mawili ambayo kaka, akiwa Dar, asingeweza kuyafanya.

Nilikwenda saiti asubuhi na utepe, nikapima pamoja na fundi mkuu. Upande wa mashariki ulikuwa umefika lenta na zege lake limemwagwa. Upande wa magharibi ulikuwa kozi ya 6 kati ya 11. Mbao za kumwagia zege la lenta la upande huo hazikuwepo kabisa, na nondo zilizokuwepo zilitosha labda nusu. Mafundi na vibarua walikuwa watano, wakati mpango kazi wa mkandarasi mwenyewe ulisema 14. Tuliandika haya kwenye daftari la saiti, fundi mkuu akasaini, nikapiga picha ukurasa ule. Sahihi ya mtu wake kwenye vipimo ina nguvu kuliko aya kumi za malalamiko.

Kisha nikageukia upande wetu, na hapa ndipo waajiri wengi hawataki kuangalia. Hati ya malipo ya hatua ya 1 ilitoka 18 Julai. Mkataba ulitupa siku 14, yaani mpaka 1 Agosti. Pesa iliingia kwa mkandarasi 7 Agosti, kwa sababu mmoja wa ndugu alichelewa kutoa mchango wake. Siku sita hizo zilikuwa zetu. Nikampigia kaka nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa ukimwandikia hivyo si unampa silaha?" Nikamwambia silaha anayo tayari, ipo kwenye taarifa yake ya benki. Tukiitaja sisi, tunahesabu siku sita. Akiitaja yeye kwanza, atahesabu mwezi.

Barua yangu ilikuwa hivi. Kwenye kichwa niliandika: "Hosteli Iyunga: Hatua ya 2 haijakamilika, taarifa ya kwanza".

"Ndugu Mkandarasi,

Habari za kazi. Kwa mujibu wa jedwali la hatua lililo kwenye mkataba wetu, Hatua ya 2 (kuta zote na lenta) ilitakiwa ikamilike tarehe 31 Agosti. Tunakubali kuwa malipo ya Hatua ya 1 yalikufikia siku 6 baada ya muda wa mkataba. Kwa hiyo tunaongeza siku 6 kwenye tarehe zote zilizobaki: Hatua ya 2 inakuwa 6 Septemba, Hatua ya 3 inakuwa 16 Oktoba, na makabidhiano 26 Januari.

Leo, 14 Septemba, tumepima kazi pamoja na fundi wako mkuu. Upande wa mashariki umekamilika hadi lenta. Upande wa magharibi uko kozi ya 6 kati ya 11, na lenta lake halijaanza. Saiti kuna watu 5, mpango kazi wako unasema 14. Ukurasa wa daftari uliosainiwa na picha vimeambatishwa. Hatua ya 2 imechelewa siku 8.

Kuhusu malipo: Sh 24,000,000 za Hatua ya 2 zitaiva hatua itakapokamilika na kupimwa. Kwa sasa haziwezi kuidhinishwa zote. Hata hivyo, ili kazi isisimame, tuko tayari kutoa Sh 6,000,000 kama sehemu ya malipo hayo, mara tutakapopokea na kukubali mpango wako wa kufidia muda. Baki yake, Sh 16,800,000 baada ya zuio la dhamana, italipwa hatua ikikamilika.

Tunaomba ifikapo 18 Septemba utuletee mpango unaoonyesha tarehe ya kumwaga lenta la magharibi, idadi ya mafundi kila wiki, na tarehe ya mbao za paa kufika saiti. Kama kuna sababu nyingine ya kuchelewa ambayo hatujaitaja, ieleze kwa maandishi ndani ya muda huo.

Barua hii haiondoi haki yoyote ya mwajiri chini ya mkataba, ikiwemo fidia ya kuchelewa endapo makabidhiano yatapita 26 Januari.

Wako katika kazi,
Msimamizi, kwa niaba ya mwajiri"

Ukiziweka barua hizi mbili bega kwa bega, tofauti zenye uzito ni hizi:

| Jambo | Barua ya kaka | Barua ya pili |
|---|---|---|
| Kuchelewa | "Tangu mwezi wa saba" | Siku 8, baada ya kutoa 6 zetu |
| Ushahidi | Hakuna | Kozi 6 kati ya 11, daftari lenye sahihi |
| Malipo | "Usahau" | Hayajaiva. Sehemu inatolewa kwa sharti |
| Fidia | Kuanzia leo | Ni baada ya 26 Januari tu |
| Kinachotakiwa | Amalize | Mpango, kwa tarehe maalumu |

Ile Sh 6,000,000 ndiyo niliyobishana nayo na kaka muda mrefu, na ndipo penye uamuzi wenyewe. Una njia tatu za kuigusa pesa barua yako inapotaja malipo.

Njia ya kwanza ni kutotoa chochote mpaka hatua iishe. Ni safi kwenye karatasi, na mkandarasi mwenye mtaji au mwenye kazi nyingine zinazolipa ataivumilia. Ila mkandarasi mdogo wa madaraja ya chini hana akiba. Anajengea kwa pesa ya hatua iliyopita. Ukiona saiti imebaki na watu watano na nondo nusu, mara nyingi huyo si mvivu, ni mtu ambaye duka la vifaa limemkatalia mkopo. Ukimfungia hela yote, kazi itasimama kabisa, na mvua ya Novemba itakukuta na barua nzuri mkononi na kuta zisizo na paa.

Ya pili ni kulipa sehemu kulingana na kipimo. Hatari yake haionekani kirahisi. Nikipiga hesabu ya hatua ya 2 peke yake, kazi iliyofanyika ilikuwa kama theluthi mbili, na mtu angesema tulipe milioni 16. Lakini malipo ya awali ya milioni 18 yalikuwa bado hayajafanyiwa kazi yote. Nilirudi kwenye orodha ya vipimo na bei, nikajumlisha kila kilichosimama saiti tangu msingi: ilikuja kama Sh 47,000,000. Sisi tulikuwa tumeshatoa 40,800,000, yaani malipo ya awali na hatua ya 1 baada ya zuio la dhamana. Pengo lilikuwa milioni sita na ushei. Ndiyo maana nikasema milioni 6 na si zaidi. Tungetoa 16, tungekuwa mbele ya kazi kwa milioni kumi hivi, bila dhamana ya benki ya malipo ya awali, na mkandarasi angekuwa na sababu ndogo sana ya kurudi. Fanya hesabu hii kila mara kabla ya kuahidi sehemu: kazi yote iliyopo kwa bei za mkataba, toa pesa yote iliyotoka. Ukipata sifuri au chini ya hapo, rudi kwenye njia ya kwanza, hata kama mkandarasi analia.

Ya tatu ni kumlipa muuza vifaa moja kwa moja: saruji, nondo, mbao. Waajiri wanaipenda, kwani pesa wanaiona ikigeuka kuwa kitu. Mimi naitumia pale tu mkandarasi ameomba mwenyewe kwa barua na amekubali kiasi hicho kikatwe kwenye hatua yake. Bila barua hiyo, baadaye atasema ulinunua kwa bei ya juu, au vifaa vilipungua, au kasoro imetokana na vifaa vyako. Na hapo huwezi kumjibu vizuri.

Kaka alitaka ya kwanza, mimi ya pili. Kilichomgeuza ni swali moja: je, mkandarasi amekimbia kazi au ameishiwa? Aliyekimbia utamjua: vifaa vimehamishwa saiti, fundi mkuu hapokei simu, mashine ya kuchanganyia zege imeenda kwenye mradi mwingine. Kwa huyo usitoe hata elfu kumi, andika notisi ya mkataba mara moja. Wetu alikuwa na fundi mkuu saiti kila siku na mashine ilikuwepo. Alikuwa ameishiwa.

Jambo jingine la kuchunguza ni kama barua pepe inahesabika. Mikataba mingi inataka taarifa rasmi ipelekwe kwa mkono au kwenye anuani iliyotajwa. Wetu ulikubali barua pepe kwa anuani mbili zilizoandikwa. Kama wako haukubali, tuma barua pepe, kisha chapisha nakala, ipeleke ofisini kwake isainiwe imepokelewa. Ujumbe wa WhatsApp wenye alama mbili za bluu hautakusaidia sana.

Jibu lilikuja 17 Septemba, siku moja kabla ya muda. Aliomba kwanza aongezewe siku kumi kwa sababu ya mvua, jambo lililonichekesha, maana Agosti hapa Mbeya ni vumbi tupu na daftari la saiti halikuwa na siku hata moja ya mvua. Tulilikataa kwa mstari mmoja, tukataja daftari. Mpango wake ulisema atamwaga lenta la magharibi 28 Septemba na kupandisha mbao za paa 30 Septemba. Hapa ndipo mpango wa karatasi unajulikana. Zege la lenta linahitaji kumwagiliwa siku saba angalau kabla hujalibebesha paa, na huku nyanda za juu usiku una baridi, zege linachelewa kushika kuliko la Dar es Salaam. Siku mbili haziwezekani. Nilimrudishia, nikamwomba amwage 24 Septemba kwa kuongeza mafundi upande mmoja, amwagilie mpaka 1 Oktoba, na muda huo autumie kuleta mbao kutoka Mafinga na kuziacha zikauke chini ya turubai, maana mbao mbichi ikipigwa kwenye kenchi inajipinda na bati linafuata.

Alikubali, akatuma mpango mpya 19 Septemba. Milioni 6 zilitoka siku iliyofuata. Lenta lilimwagwa tarehe 25, siku moja nje ya mpango. Bati la mwisho lilipigiliwa 21 Oktoba, siku tano baada ya tarehe mpya ya hatua ya 3, nami nikaandika taarifa ya pili, fupi kuliko ya kwanza, isiyotaja fidia. Kaka aliniuliza kama tumkate kwa siku hizo tano. Nikamwambia asubiri 26 Januari, kalenda ile bado ina nafasi.